Wiki Nyepesi kwa Wanaonyanyua Vyuma: Uifuate Kalenda au Dalili za Uchovu?

Wiki nyepesi ni wiki ambayo mnyanyuaji hupunguza kazi kwa makusudi, ili uchovu uliojirundika ushuke na nguvu alizokwisha kuzijenga zipate kuonekana. Mpango unaojulikana zaidi ni ule wa wiki tatu ngumu na ya nne nyepesi. Ni rahisi kuukumbuka, lakini haujui kama wewe unafanya kazi ya kukaa ofisini Vuga au unapakia magunia bandarini Mkoani. Njia ya pili ni kuusubiri mwili wenyewe useme, kwa dalili zinazopimika. Hapa tunaziweka njia hizo mbili pamoja, kwa mtu ambaye ameshafanya mazoezi ya vyuma mwaka mmoja au zaidi na ana daftari la mazoezi.

Msimamo wetu tuutaje mapema: tarehe ya wiki nyepesi iwekwe na dalili, na kalenda ibaki kuwa mpaka wa nje. Usiichukue kabla ya wiki ya 4 bila sababu ya wazi, wala usivuke wiki ya 8 hata kama unajisikia mzima.

Kalenda inatoa nini, na inakosea wapi

Uzuri wa kalenda ni kwamba haibishani na mtu. Mnyanyuaji mwenye ari hupenda kujidanganya kuwa bado yuko sawa, na tarehe iliyoandikwa inamzuia. Inafaa pia kwa anayejiandaa na mashindano, kwa sababu siku ya mashindano haisogei.

Faida yake kubwa zaidi lakini iko kwenye kano, zile nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa. Kano hujengeka polepole kuliko misuli, na mara nyingi hazitoi ishara yoyote kwenye uzito unaonyanyua mpaka zimeshaanza kuuma. Mtu anaweza kuongeza kilo kila wiki kwa wiki kumi mfululizo, huku kano ya chini ya goti inachakaa kimyakimya. Kwa sehemu hiyo dalili hazitoshi, na ndiyo sababu tunataka mpaka wa wiki 8 ubaki.

Udhaifu wake ni kwamba uchovu haujengeki kwa kasi moja. Unategemea idadi ya seti ngumu, usingizi, chakula, na kazi unayoifanya nje ya jimu. Mtu wa Wete aliyeingia msimu wa karafuu, anayeshinda juu ya mikarafuu kutwa nzima, mikono na mabega yake yamechoka kabla hajagusa chuma. Wiki tatu kwake ni nyingi. Mwenzake ambaye skuli zimefungwa na analala kwa muda wa saa nane anaweza kufika wiki ya 6 au ya 7 akiwa bado anapanda. Ukimpa wiki nyepesi katika wiki ya 4, hana uchovu wa kuushusha, na unachomnyima ni wiki nzima ya kazi.

Hasara hiyo ni ya kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la PeerJ uliwapa baadhi ya washiriki mapumziko kamili ya wiki moja katikati ya wiki tisa za mazoezi. Misuli yao ilikua sawa na ya waliofululiza, lakini nguvu za miguu zilipanda kidogo zaidi kwa wale ambao hawakusimama. Tahadhari ni kwamba hao walisimama kabisa, hawakupunguza tu, na walisimama kwa ratiba, si kwa sababu walionekana wamechoka. Hata hivyo inaonesha kwamba wiki iliyowekwa bila haja haina faida ya bure.

Wanaofanya kwa vitendo nao hawafuati wiki ya 4 kama sheria. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2024, uliowauliza wanamichezo wa nguvu na wajenga mwili, ulikuta kwamba kwa wastani huchukua wiki nyepesi baada ya wiki 5 hadi 6, kwa muda wa siku 6 hivi, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa.

Dalili zipi zihesabiwe

Tatizo la kufuata dalili ni kwamba kila mtu ana dalili kila siku. Leo bega zito, kesho usingizi mbaya, keshokutwa hamu ya mazoezi haipo. Ukizisikiliza zote utakuwa na wiki nyepesi kila baada ya siku kumi. Kwa hiyo chagua dalili mbili tu: moja itoke kwenye chuma, nyingine itoke kwenye mwili.

Dalili ya chuma ni seti ya kipimo. Chagua zoezi moja kubwa, tuseme skwati, na uzito mmoja ambao ukiwa mzima unaufanya mara 5 ukabakiwa na marudio 4 hivi kabla ya kushindwa. Kwa mtu ambaye skwati yake ya juu kabisa ni kilo 130, uzito huo ni kilo 100 au karibu na hapo. Kila siku ya miguu, ukishapasha mwili moto, seti ya kwanza ni hiyohiyo: uzito uleule, marudio 5, kupumzika kulekule dakika 3 kabla yake. Kisha andika ungeweza kuongeza marudio mangapi. Seti hii haibadiliki kwa wiki zote za mzunguko. Uzito wa seti nyingine unapanda, hii inabaki ilipo, kwa sababu kitu kinachopanda hakiwezi kukwambia kama wewe umeshuka.

Wengi hukosea kukadiria marudio yaliyobaki, hasa yakiwa mengi. Dawa yake ni simu. Iegemeze kwenye chupa ya maji ubavuni mwako, kwa kimo cha nyonga, urekodi seti ya kipimo kila mara kutoka palepale. Baadaye tazama rudio la tano tu: pima muda kutoka chini kabisa mpaka magoti yamenyooka. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, hivyo ukisogeza video picha moja moja ukahesabu picha 36, hiyo ni sekunde 1.2. Likianza kuchukua picha 50 au zaidi kwa uzito uleule na kwa juhudi ileile ya kusukuma kwa nguvu zote, huna haja ya kubishana na hisia zako. Sharti ni kusukuma kwa nguvu zote kila rudio. Anayepanda kwa uvivu siku moja na kwa kasi siku nyingine hatopata kipimo.

Dalili ya mwili iliyo rahisi kuliko zote ni mapigo ya moyo asubuhi. Hesabu kwa sekunde 60 ukiwa bado umelala, kabla hujainuka kwenda kutawadha kwa sala ya alfajiri. Ukishasimama, ukatembea, ukanywa kahawa, namba hiyo haina kazi tena. Usitazame siku moja. Chukua wastani wa wiki na uulinganishe na wastani wa wiki mbili za mwanzo wa mzunguko. Ukipanda kwa mapigo 5 au zaidi, umeshapata dalili. Wanaokerwa na kuhesabu wanaweza badala yake kutumia maumivu ya misuli: yakivuka saa 72 baada ya zoezi ulilolizoea, nayo ni dalili. Kwa uzoefu wetu mapigo huchelewa kidogo kuliko chuma, lakini ni vigumu zaidi kujidanganya nayo.

Kanuni basi ni hii: seti ya kipimo ishuke marudio 2 chini ya kawaida yako, katika vipindi viwili vinavyofuatana vya zoezi hilo, na dalili ya mwili iwepo. Hapo wiki nyepesi inaanza. Kipindi kimoja kibaya hakitoshi. Dalili ya mwili peke yake pia haitoshi, kwa sababu mapigo hupandishwa na mambo mengi yasiyohusu chuma.

Mfano wa wiki kwa wiki

Tuchukue mnyanyuaji wa Chake Chake mwenye kilo 78. Anafanya mazoezi siku nne: Jumamosi na Jumanne miguu, Jumapili na Jumatano kifua, mgongo na mikono. Ijumaa hagusi chuma. Seti yake ya kipimo ni skwati ya kilo 100 mara 5. Kwenye jedwali, seti ngumu ni zile zilizomwacha na marudio 3 au pungufu, kwa miguu tu, kwa wiki nzima. Safu za Jumamosi na Jumanne zinaonesha marudio yaliyobaki kwenye seti ya kipimo.

| Wiki | Seti ngumu | Jumamosi | Jumanne | Mapigo (wastani) |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 10 | 4 | 4 | 61 |
| 2 | 12 | 4 | 4 | 60 |
| 3 | 14 | 2 | 4 | 62 |
| 4 | 14 | 4 | 3 | 61 |
| 5 | 16 | 3 | 3 | 63 |
| 6 | 16 | 2 | 1 | 67 |

Tazama wiki ya 3. Jumamosi amebakiwa na marudio 2 tu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa harusini mpaka saa nane za usiku. Anayefuata hisia angesema amechoka, akapunguza. Lakini Jumanne marudio yamerudi 4 na wastani wa mapigo haukutikisika. Ule ulikuwa usingizi, haukuwa uchovu wa mazoezi, na dawa yake ilikuwa kulala.

Wiki ya 4 ndipo kalenda ingemwambia apunguze. Chuma na mwili vyote vinasema hapana. Anaendelea, na anapata wiki mbili zaidi za kazi nzuri.

Wiki ya 5 ni ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo ambayo watu huipita. Vipindi vyote viwili vimeshuka kwa rudio 1, na mapigo yamepanda kidogo. Kanuni haijatimia, lakini mwelekeo umeshaonekana. Kinachotakiwa hapa si kupunguza, ni kuacha kuongeza: seti zibaki 16, uzito ubaki ulipo. Ndivyo alivyofanya katika wiki ya 6. Ukiongeza seti hapa, mteremko unakuwa mkali na utahitaji zaidi ya wiki moja kurudi.

Wiki ya 6 kanuni imetimia. Jumamosi 2, Jumanne 1, na wastani wa mapigo umepanda kwa zaidi ya 6 kutoka wiki mbili za mwanzo. Hasubiri wiki mpya ianze: wiki nyepesi inaanza kipindi kinachofuata, yaani Jumatano, na kwisha Jumanne inayofuata. Kusubiri Jumamosi eti wiki ikamilike ni kosa la kawaida.

Jumamosi baada ya wiki nyepesi akirudi kwenye seti ya kipimo atarajie kubakiwa na 4, pengine 5. Ikiwa ni 5, mzunguko mpya unaanza na seti ya kipimo ya kilo 102.5. Seti ngumu nazo zirudi chini, 10 au 12, zisianze pale pale kwenye 16 zilizomchosha.

Yanayofanana na uchovu lakini siyo

Joto ndilo linalowadanganya wengi visiwani kwetu. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Februari, jimu lililoezekwa mabati saa kumi za alasiri linaweza kukuondolea marudio mawili kwenye seti ya kipimo bila uchovu wowote wa misuli. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Ukipoteza zaidi ya asilimia 2, ambayo kwa mtu wa kilo 78 ni zaidi ya kilo 1.5, tatizo ni maji na chumvi. Kunywa vizuri tangu asubuhi, kisha rudia kipimo. Muhimu zaidi, seti ya kipimo ifanywe saa ileile siku zote. Anayepima Jumamosi asubuhi na Jumanne alasiri analinganisha hali mbili za hewa, wala halinganishi mwili wake na mwili wake.

Homa ni jambo jingine kabisa. Mapigo yakiruka 10 au 15 kwa usiku mmoja, na viungo vinauma vyote kwa pamoja, hiyo si kazi ya wiki nyepesi. Acha chuma, nenda kituo cha afya ukapime.

Na maumivu ya mahali pamoja yanayoongezeka kila kipindi, kama chini ya goti au mbele ya bega, yahesabiwe kuwa jeraha hata kama seti ya kipimo inapanda. Zoezi linalolichokoza libadilishwe leo, usingoje kanuni itimie.

Ramadhani

Hapa kalenda inashinda, tena kwa haki. Mwezi wenyewe husogea nyuma kwa siku 10 hadi 11 kila mwaka wa kawaida, lakini unajulikana mapema. Katika siku zake za mwanzo kila kipimo chako kinavurugika: usingizi unakatwa na daku, maji ya mchana hayapo, na mapigo ya asubuhi hayalinganishiki tena na ya mwezi uliopita. Dalili zinapopoteza maana, weka wiki nyepesi katika wiki ya kwanza ya mfungo, hata kama ni wiki ya 3 tu ya mzunguko wako. Kisha anzisha kawaida mpya ya kipimo kwa saa utakayoitumia mwezi mzima, iwe kabla ya kufuturu au baada ya tarawehe. Namba za Shaabani usizitumie kujihukumu.

Wiki yenyewe iweje

Njia zote mbili hukutana hapa, kwa sababu wiki nyepesi ni ileile hata ukiifikia kwa njia gani. Punguza seti kwa nusu kwanza, halafu uzito kidogo. Mnyanyuaji wetu wa Chake Chake alikuwa anafanya seti 4 za skwati ya kilo 110 mara 5. Sasa afanye seti 2 za kilo 100, marudio 3 hadi 5, na kila seti imwache na marudio 4 au zaidi. Mazoezi madogo ya miguu nayo nusu. Siku za mazoezi zibaki nne. Hakuna seti ya kufika kushindwa, na hakuna kujaribu zoezi jipya, kwa sababu zoezi jipya huleta maumivu mapya na wiki inapotea.

Kosa la kwanza ni kupunguza uzito hadi nusu. Mwili hausahau nguvu kwa siku saba, lakini ukirudi kilo 110 zinahisika nzito kuliko zilivyo na siku ya kwanza inaharibika. Kosa la pili, ambalo ni baya zaidi, ni kujaza nafasi: mechi mbili za mpira ufukweni, mbio ndefu asubuhi, kumsaidia jirani kumwaga zege. Kazi imepungua jimuni ikahamia nje, na uchovu haukushuka hata kidogo. Chakula nacho kisipunguzwe.

Ikiwa baada ya siku saba seti ya kipimo bado iko chini kwa marudio 2, usirefushe wiki nyepesi kwa mazoea. Angalia usingizi wa wiki mbili zilizopita na uzito wa mwili. Ukiwa umepungua kilo bila kukusudia, ongeza chakula kabla ya kugusa mpango. Vyote hivyo vikiwa sawa na bado umeshuka, nenda hospitali ukapimwe damu.

Nani achague ipi

Mwenye chini ya mwaka mmoja kwenye vyuma afuate kalenda, lakini kila wiki ya 6 hadi ya 8 badala ya kila ya 4. Uzito wake bado ni mdogo kiasi kwamba uchovu haujengeki haraka, na makadirio yake ya marudio yaliyobaki bado hayaaminiki. Mwenye tarehe ya mashindano ahesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo, atumie dalili katika miezi ya kabla yake tu. Asiyeandika daftari naye abaki na kalenda, maana dalili bila kumbukumbu ni hisia za siku ile.

Waliobaki, yaani mwenye mwaka au zaidi, anayeandika, na ambaye kazi au masomo yake hubadilika kutoka wiki hadi wiki, atumie kanuni ya vipindi viwili pamoja na mpaka wa wiki 8. Katika mizunguko miwili au mitatu ya kwanza atagundua wiki yake ya kawaida ni ipi. Wengine huangukia wiki ya 5 kila mara, wengine ya 7. Akishaijua, anaweza kuiandika kwenye kalenda kama matarajio, na seti ya kipimo ikaendelea kuamua kama iende mbele au irudi nyuma.